Tenke: Homa inayorudi, mifupa inayouma, na maziwa ambayo hakuna anayeyataja

TENKE, Lualaba – Mchomeleaji mmoja wa vyuma, baba wa watoto wanne, aliingia mara nne katika kituo kilekile cha afya kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Mara zote nne alisema maneno yaleyale: "Docta, homa imerudi tena, na mifupa inaniuma." Mara zote nne alipimwa, akapewa dawa, akalipa, akarudi nyumbani. Na mara zote nne hakuna aliyemuuliza anakunywa nini asubuhi. Yeye mwenyewe hakusema, kwani hakuna mtu anayefikiri kwamba kikombe cha maziwa ni habari ya kupelekea muganga.

Sasa ni wakati wa kusema wazi jambo hili: hapa kwetu homa ina majina mawili tu, malaria na tifo. Kila homa inayoingia mlangoni inalazimishwa kuvaa moja ya majina hayo, na kama halimwenei, inavalishwa yote mawili. Mtu anatibiwa, anapata nafuu ya siku kumi, anarudi. Wanasema malaria ni sugu. Wanasema tifo imeingia mu damu. Baada ya hapo jamaa wanaanza kutafuta nani amemroga.

Ugonjwa uliokuwa unamla yule baba unaitwa brusela. Waganga waliosoma kwa Kifaransa wanauita bruseloze. Wachungaji wa ng'ombe wa Afrika Mashariki wanaujua zaidi kwa upande wa mnyama: ni ugonjwa wa kutupa mimba. Unatoka kwa ng'ombe, mbuzi ao kondoo, na njia yake kubwa ya kuingia kwa mtu wa mjini ni maziwa yasiyochemshwa.

Kuna watakaosema kwamba Tenke si inchi ya maziwa. Ni kweli kwa sehemu. Watu wengi hapa maziwa yao ni unga wa kopo. Tenke ni mji wa reli, pale njia inapogawanyika, moja kwenda Kolwezi na Dilolo, nyingine kwenda Kamina, na leo ni mji wa shaba na kobalti. Lakini kaskazini yetu kuna uwanda wa juu wa Biano, wenye majani na baridi, ambako ng'ombe wamefugwa tangu zamani za mashamba makubwa ya Wabelgiji. Mbuzi wako kila avenyu. Na watu waliokuja kutafuta kazi ya migodi, wengine wakitoka Kivu ambako maziwa ni chakula cha kila siku, wamekuja na hamu yake. Penye hamu, muuzaji hakosi: bidoni ya njano iliyokuwa na mafuta, pikipiki, na kikombe cha kupimia.

Halafu kuna jambo lingine, na hili ni la kwetu kabisa. Katika karakana, katika machimbo na pale wanapochoma vyuma, kuna imani kwamba maziwa yanasafisha vumbi. Kijana anakula vumbi kutwa nzima, jioni ao asubuhi anakunywa maziwa "ya kutoa sumu kifuani". Na wengi wanaamini kwamba yale mabichi, yaliyotoka kwa ng'ombe siku ileile, ndiyo yenye nguvu. Ukiyachemsha umeua dawa. Yule mchomeleaji alianza hivyo, mwezi wa pili, kikombe kimoja kila siku kabla ya kushika kazi.

Imani hii inapaswa kukataliwa bila kuzungukazunguka. Vumbi ya jiwe na moshi wa chuma vinaingia katika mapafu. Maziwa yanaingia katika tumbo. Ni vyumba viwili visivyo na mlango kati yao. Hakuna kikombe cha maziwa, kibichi ao kilichochemshwa, kinachoweza kuosha pafu. Kinachozuia vumbi ni kitambaa kizuri cha uso, maji ya kulowesha jiwe kabla ya kulipasua, na mwajiri anayetoa vifaa. Pale ambapo msimamizi anawagawia wafanyakazi maziwa badala ya vifaa vya kukinga pua, anawadanganya. Na kama maziwa yenyewe ni mabichi, anawaongezea ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Ugonjwa wenyewe unaendeshaje mambo yake? Kijidudu cha brusela hakifanyi haraka. Mtu anaweza kunywa maziwa leo na kuugua baada ya juma mbili, ao mwezi, wengine hata baada ya miezi kadhaa. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya watu kutounganisha mambo. Mtu akila chakula kibaya akahara usiku uleule, anajua mkosaji. Lakini nani anakumbuka kikombe cha mwezi uliopita?

Kikishaingia, kinajificha ndani ya chembe zilezile za mwili zilizo na kazi ya kuua vijidudu. Ni kama mwizi aliyepanga chumba katika nyumba ya askari. Kutoka pale kinatokea, kinawasha homa, kinarudi kujificha. Ndiyo maana homa inapanda, mara nyingi jioni, inamlowesha mtu jasho la usiku hadi shuka linabadilishwa, kisha inatulia siku kadhaa, kisha inarudi. Kinapenda kukaa katika mifupa na viungo: mgongo wa chini, nyonga, magoti. Mtu anachoka bila sababu, hamu ya chakula inapotea, mwili unapungua. Kwa wanaume wengine korodani moja inavimba na kuuma, jambo ambalo wengi wanaficha kwa haya ao wanadhani ni ugonjwa wa zinaa. Mwanamke mwenye mimba anaweza kuipoteza. Wanaokufa ni wachache, na mara nyingi ni wale ambao kijidudu kimewafikia kwenye moyo. Lakini kutokufa si kupona. Mchomeleaji asiyeweza kuinama hana kazi.

Turudi kwenye ziara zake nne, kwa sababu kila moja ina kosa lake, na makosa hayo yanarudiwa kila juma kwa watu wengine.

Mara ya kwanza alipimwa malaria na kipimo kikaonyesha malaria. Akapewa vidonge vya siku tatu. Hapo muganga hakukosea. Lakini katika sehemu kama yetu, mtu mzima anaweza kubeba vijidudu vya malaria mu damu bila hivyo kuwa ndivyo vinavyomletea homa ya siku ile. Kipimo chenye jibu la "ndiyo" kinasema malaria ipo. Hakisemi kwamba hakuna kitu kingine. Homa ikirudi baada ya siku kumi na mtu amemeza dawa zote sawasawa, hiyo ni sababu ya kufikiri upya.

Mara ya pili kipimo cha malaria kilisema hapana. Akapewa dawa ya malaria hata hivyo. Hapa hakuna udhuru. Kupima kisha kutupa jibu la kipimo ni kumlipisha mgonjwa bei ya karatasi.

Mara ya tatu alifanyiwa kile kipimo cha Widal na akaambiwa ana tifo. Katika inchi ambayo watu wengi wamekutana na tifo ao jamaa zake, Widal moja peke yake ina thamani ndogo. Damu inaweza kukumbuka ugonjwa wa mwaka uliopita na kuonekana kama ugonjwa wa leo. Alipewa siprofloksasini siku saba. Na hapa kuna mtego unaodanganya hata waganga wazuri: dawa hiyo, na vilevile sindano za jentamisini za siku chache, zinaweza kukipiga kijidudu cha brusela bila kukimaliza. Homa inashuka. Mgonjwa anasifu. Muganga anaandika kwamba alikuwa na tifo, na ushahidi ni kwamba amepona. Baada ya juma mbili yule mwizi anatoka chumbani.

Mara ya nne alikuja akichechemea, nyonga ya kushoto inauma hata akilala. Akaambiwa ni kazi: anainama sana, anabeba vyuma. Akapewa dawa za maumivu. Ndiyo, kazi inaumiza mgongo. Lakini kazi haileti homa ya jioni, na haimloweshi mtu shuka usiku. Maumivu ya kazi yanapungua mtu akipumzika siku ya yenga. Ya kwake hayakupungua. Kitu hicho kimoja kingetosha kusimamisha kalamu.

Asidhani mtu kwamba haya ni aibu ya Tenke peke yetu. Huko Moshi, kaskazini mwa Tanzania, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali mbili, mwaka wa 2007 na 2008. Waganga waliandika malaria kwa 528 kati yao. Vipimo vya uangalifu vilipofanywa, malaria ilikuwa ndiyo sababu kwa watu 14 tu. Kati ya wale waliopimwa brusela, 16 walionekana wanayo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameandikiwa jina hilo. Wote walikuwa wamepewa jina lingine. Malaria yetu ni nyingi kuliko ya Moshi, na hesabu ya kule haiwezi kuhamishwa hapa nzimanzima. Lakini kosa la kutofikiri ni lilelile: jina ambalo halimo katika kichwa cha muganga haliwezi kuandikwa kwenye fishi.

Basi mgonjwa aseme nini? Hapa mgonjwa ana nguvu kuliko anavyofikiri, kwani kwa brusela historia inapita kipimo. Asiseme tu "nina malaria inarudi", kwa sababu amekwisha kumpa muganga jibu kabla ya swali. Aeleze homa ilianza lini, tarehe ao angalau mwezi, na imekuja na kuondoka mara ngapi. Aseme inapanda saa gani na kama kuna jasho la usiku. Aonyeshe kwa kidole mahali panapouma. Alete maboksi ya dawa zote alizokwisha kumeza, hata zile alizonunua mwenyewe farmasi, na aseme kila moja ilimpa nafuu ya siku ngapi. Mwanaume aseme kama korodani imevimba. Muganga amekwisha kuona makubwa kuliko hayo.

Kisha atoe ile sentensi ambayo haitolewi: "Ninakunywa maziwa yasiyochemshwa, yanatoka mahali fulani, tangu mwezi fulani." Na kama si maziwa, aseme kama amemsaidia mbuzi kuzaa kwa mikono mitupu, ameokota kitoto cha mnyama kilichotupwa, ao anachinja. Damu na maji ya uzazi ya mnyama mwenye brusela yana vijidudu vingi sana, na vinapita kwenye mchubuko mdogo wa ngozi ao vikirukia jichoni. Hapa Tenke ambako wengi wana mbuzi lakini hawawakami, njia hii inaweza kuwa na uzito wake. Aseme pia kama kuna mtu mwingine nyumbani, aliyekunywa bidoni ileile, mwenye homa ya namna hiyo.

Maneno haya yana kazi nyingine ambayo watu hawaijui. Kijidudu cha brusela ni kati ya vile vinavyowaambukiza sana wafanyakazi wa laboratwari, hasa pale wanapokiotesha kutoka kwenye damu. Kinaweza kuingia kwa pumzi. Fundi wa laboratwari aliyeona neno "brusela?" kwenye fishi anajikinga, na pia anajua kwamba kijidudu kinachelewa kuota na chupa isitupwe mapema. Asiyeambiwa anaifungua kama chupa nyingine yoyote. Kwa hiyo muganga anayeficha wazo lake kwa kuogopa kukosea anamweka mwenzake hatarini.

Yule baba aliokolewa na swali la sekunde tano. Shemeji yake alimpeleka Kolwezi, na huko daktari kijana, kabla hajagusa karatasi za zamani, alimuuliza: "Baba, unakunywa maziwa gani?" Ndipo yote yakatoka: bidoni, pikipiki, vumbi, kikombe cha asubuhi. Na shemeji akakumbuka kwamba hata mke wa mgonjwa alikuwa na homa mwezi ule.

Kipimo cha mwanzo alichofanyiwa kinaitwa Roz Bengal. Si kitu cha ajabu wala cha bei ya mashine kubwa. Tone la maji ya damu linachanganywa na tone la dawa ya rangi ya waridi juu ya kigae cheupe, linatikiswa taratibu dakika nne, kisha fundi anaangalia kama kumetokea chembechembe kama mchanga. Zikitokea, mwili umekutana na brusela. Hakihitaji umeme mwingi, kinahitaji friji ya kutunzia dawa, na mtu aliyefundishwa kusoma.

Lakini hapa pia lazima tuwe wakali, ili tusitoke katika ugonjwa mmoja wa kufikiri kuingia mwingine. Kule magharibi mwa Kenya yalitokea makosa ya upande wa pili. Vituo vilikuwa na kipimo cha haraka cha bei nafuu, na watafiti walipokirudia kwa vipimo bora waligundua kwamba wengi walioambiwa wana brusela hawakuwa nayo. Walikuwa wanameza dawa kali za bure, na homa yao ya kweli haijulikani. Hata Roz Bengal inaweza kusema ndiyo kwa mtu aliyepona zamani, kwa mchungaji anayekutana na kijidudu kila siku bila kuugua, ao kwa mtu aliyepata kipindupindu karibuni, kwa sababu vijidudu hivi vina sura inayofanana machoni pa damu. Kwa hiyo jibu la ndiyo linathibitishwa: damu inapunguzwa kwa maji hatua kwa hatua ili kuona nguvu yake inaishia wapi, na ikiwa bado kuna shaka, inapimwa tena baada ya juma mbili ao tatu kuona kama nguvu imepanda. Tena kipimo lazima kipatane na hadithi. Mtu asiye na homa, asiyeumwa, asiyekunywa maziwa, mwenye karatasi ya "ndiyo", si mgonjwa wa brusela kwa sababu ya karatasi.

Damu ya yule baba ilithibitishwa. Hata hivyo daktari hakuandika dawa siku ileile. Alimtuma kupigwa picha ya kifua na ya mgongo, na kupima makohozi. Jamaa walikasirika, waliona wanazungushwa ili walipe. Walikosea, na ni vizuri sababu ijulikane. Homa ya muda mrefu, jasho la usiku, kupungua mwili na mgongo kuuma ni dalili za brusela, lakini ni dalili za kifua kikuu vilevile, kile kinachoweza kuingia hata katika mifupa ya mgongo. Na katika migodi yetu kifua kikuu si mgeni. Zaidi ya hayo, dawa mbili zinazotumika kwa brusela, rifampisini na streptomisini, ni dawa za kifua kikuu. Mtu mwenye kifua kikuu akipewa hizo mbili tatu kwa kudhani ni brusela, atapata nafuu, ataziacha, na kifua kikuu chake kitajifunza kuzishinda. Huo si ugonjwa wake peke yake tena. Ni wa kila mtu anayelala naye chumba kimoja.

Makohozi yalikuwa safi. Akaandikiwa doksisiklini, kidonge cha miligramu 100 asubuhi na jioni kwa juma sita, na sindano ya streptomisini, gramu moja kila siku, kwa juma tatu za kwanza. Dawa mbili pamoja, si moja, kwani moja peke yake inaacha kijidudu nyuma. Na juma sita kamili, kwa sababu kimejificha ndani ya chembe na lazima kingojewe kitoke. Hapo ndipo wengi wanaanguka. Homa inaondoka katika siku chache za kwanza, mtu anajisikia mzima, franga ni chache, anauza vidonge vilivyobaki ao anamgawia jirani mwenye "dalili hizohizo". Hata kwa wanaomaliza, wachache ugonjwa unawarudia, mara nyingi ndani ya miezi sita, na hao lazima warudi kwa muganga yuleyule wakisema wazi: nilitibiwa brusela, mwezi fulani, kwa dawa hizi.

Streptomisini inaweza kuharibu masikio na mafigo. Mgonjwa akisikia mlio masikioni ao kizunguzungu aseme siku ileile. Doksisiklini haipewi mama mwenye mimba wala mtoto mdogo. Kwao daktari anapanga dawa nyingine. Kwa sababu hiyo peke yake, mtu asisome habari hii na kukimbilia farmasi. Mke wa yule baba alipimwa pia, akaonekana ana mimba changa, akapangiwa dawa zake tofauti. Kama angekunywa vidonge vya mumewe, nani angelaumiwa?

Sasa kwa wauzaji wa maziwa, ambao watasema habari hii inawanyima chakula. Hakuna anayesema wasiuze. Lakini kauli yao kwamba "ng'ombe wangu ni mzima, mwangalie mwenyewe" haina uzito, na imejulikana hivyo zaidi ya miaka mia moja. Katika kisiwa cha Malta, askari wa Kiingereza walikuwa wanaugua homa isiyoisha. Daktari wao David Bruce alikipata kijidudu mwaka wa 1887 katika wengu wa askari waliokufa, lakini kwa miaka karibu ishirini hakuna aliyejua kinatoka wapi. Walishuku maji machafu, walishuku hewa. Mwaka wa 1905 daktari wa kisiwa, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi. Mbuzi wa Malta walikuwa wanapitishwa mlango kwa mlango na kukamwa mbele ya mnunuzi, wanono, wazuri, wenye maziwa mengi. Karibu nusu yao walikuwa na alama ya ugonjwa katika damu, na kama mmoja kati ya kumi alikuwa anatoa kijidudu katika maziwa. Mwaka wa 1906 askari wakakatazwa maziwa hayo, na homa ikaporomoka kambini. Wanainchi wa Malta wenyewe, ambao waliendelea kunywa, waliendelea kuugua.

Mnyama mwenye brusela anaweza kuonekana mzima kabisa. Alama ya kutafuta ni katika kundi: ng'ombe anatupa mimba katika miezi ya mwisho, kondo la nyuma halitoki, ao magoti ya mbele yanavimba kama mfuko wa maji. Mfugaji aliyeona hayo na bado akajaza bidoni anajua anachofanya. Na huduma ya mifugo ya mkoa isijifiche nyuma ya vijiji vya mbali. Chanjo ya mitamba wadogo ipo duniani tangu zamani, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha udaktari wa mifugo. Watu wa kupima makundi hawatafutwi ng'ambo.

Kuhusu kuchemsha, kuna njia mbili za kujidanganya. Ya kwanza ni kuyaondoa maziwa motoni yanapopanda. Povu linapanda kabla maziwa yenyewe hayajatokota. Mama akishaona yanataka kumwagika anaepua, na anasema amechemsha. Inatakiwa kupunguza makala, kukoroga, na kuyaacha yatokote kweli, yakibubujika kote, kwa dakika moja ao mbili. Ya pili ni kuamini kwamba yakiganda yamekuwa salama. Uchachu wa maziwa ya kuganda hautoshi kumaliza brusela. Inaweza kuishi humo siku nyingi, na katika siagi na jibini mbichi vilevile. Anayependa maziwa ya kuganda achemshe kwanza, ayaache yapoe, kisha aweke kijiko cha yale yaliyokwisha kuganda yaliyo salama. Yataganda vizuri.

Makala ni bei, ndiyo. Sufuria ya lita mbili inakula makala kidogo. Yule baba kwa miezi mitatu alilipa vipimo, dawa za malaria mara mbili, siprofloksasini, dawa za maumivu, safari ya Kolwezi, picha, na juma kadhaa bila kushika kazi. Watoto wawili walirudishwa kutoka shule. Mwenye kusema makala ni ghali apige hesabu hiyo pia.

Na kwa vituo vya afya, ombi si kubwa. Hakuna anayedai kila kituo kiwe na laboratwari ya Kinshasa. Linalodaiwa ni mstari mmoja katika fishi ya kila mtu mwenye homa iliyopita juma mbili ao iliyorudi baada ya dawa: maziwa mabichi, ndiyo ao hapana, mnyama aliyezaa ao kutupa mimba, ndiyo ao hapana. Akisema ndiyo, na viungo vinauma, asipewe dawa ya malaria ya tatu. Atumwe mahali penye Roz Bengal, na barua inayosema kwa nini anatumwa. Wino wa kuandika mstari huo upo. Ni wino uleule ulioandika "malaria + tifo" mara tatu kwenye fishi ya mtu mmoja.

Yule mchomeleaji yuko juma ya tano ya vidonge. Nyonga bado inauma kidogo asubuhi, homa haijarudi. Karibu na karakana yake, pikipiki ya maziwa bado inasimama kila siku kabla ya saa moja, na vijana wawili anaofanya nao kazi bado wanakunywa wakiwa wamesimama, kikombe kimoja kwa wote.